Hesabu Isiyo na Mhesabu

Swali: "Nimesoma kwamba bakteria huhesabu majirani zao kabla ya kuanza kutoa mwanga. Je, 'kuhesabu' ni neno sahihi, au niseme 'kuhisi akidi'?"

Kuhesabu, hapana. Neno hilo limeenea kama upele: bakteria wanahesabu, wanajadiliana, wanapiga kura. Kesho watachagua mwenyekiti na katibu wa kuandika muhtasari.

Anayehesabu hupitia kimoja kimoja hadi apate jumla. Sasa mtazame vibrio, bakteria anayeishi katika kiungo cha mwanga cha ngisi mdogo wa Hawaii. Kila seli hutengeneza laktoni, molekuli ndogo ya ishara yenye umbo la pete, inayopenya utando na kutoka nje. Baharini, seli zikiwa chache, maji huichukua ikapotea. Ndani ya ngisi seli husongamana kwa mabilioni katika mililita moja, laktoni ikakosa pa kwenda, ikarudi ndani ya seli. Ukolezi wake ukifika takriban nanomoli 10 kwa lita, hushikana na protini inayowasha jeni za mwanga. Pamoja na jeni hizo huwashwa ile ya kimeng'enya kinachounda laktoni yenyewe, ndiyo maana ishara, ikishaanza kupanda, hupanda kwa kasi.

Hesabu iko wapi hapo? Mdanganye tu utaona. Chukua mchuzi wa lishe ambamo vibrio wamekua hadi wakang'aa, uchuje seli zote zitoke, kisha utie humo seli chache tu. Zitawaka mapema, chupa ikiwa karibu tupu! Sasa geuza: weka seli tele kwenye mkondo wa mchuzi mpya unaopita bila kukoma. Ishara husombwa, mwanga hauji. Au uache mchuzi uwe na alkali nyingi: pete ya laktoni hufunguka, protini haiitambui tena, na umati mzima unabaki gizani. Karani wa namna hii, anayeona watu kwenye viti vitupu na asiyeona mtu ukumbi ukifurika, angefukuzwa kazi siku ya kwanza.

Hata "majirani" lina walakini. Nanomoli 10 kwa lita ni molekuli sita hivi katika mikromita moja ya ujazo, yaani takriban ukubwa wa seli moja ya bakteria. Kuna bakteria wenye mfumo wa aina hii ambao seli moja, ikifungiwa kwenye kitone kidogo mno, huweza kufikia kiwango chake ikiwa peke yake.

Akidi tumeipokea kutoka Kiarabu, na vikao vyetu vimeizoea. Wanasayansi waliobuni jina la Kiingereza mwaka 1994 nao waliazima lugha ya vikao. Kwa hiyo "kuhisi akidi" nakuachia, shingo upande: kitenzi ni kizuri, kosa liko kwenye nomino. Ukitaka usahihi, andika: "Bakteria huanza kutoa mwanga ukolezi wa ishara unapofika kiwango fulani." Haivutii kwenye kichwa cha habari, najua.