Macho yanawasha kila mijakaranda ikichanua: nivae miwani au lensi?

Swali: Dokta shikamoo. Nina miaka 21, nasoma chuo hapa Arusha. Kila mijakaranda ikianza kuchanua macho yananiwasha balaa, nayafikicha mpaka nasikia raha halafu yanazidi. Miwani nimebadilisha mara mbili ndani ya miezi 14, jicho la kulia lilikuwa -2.00 silinda -0.75, sasa ni -2.75 silinda -2.25, la kushoto limebaki karibu vilevile. Mwaka huu nilinunua lensi laini za kutumia mwezi mmoja. Kufikicha kuna ubaya gani hasa, na msimu huu nivae lensi au miwani? Duka la dawa walinipa matone ya elfu tatu, yananisaidia sana.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Naanza na hizo namba za jicho la kulia, maana ndizo zilizonishtua kuliko kuwasha kwenyewe. Silinda kutoka -0.75 kwenda -2.25 ndani ya mwaka na kidogo, jicho moja tu, kijana wa miaka 21 anayefikicha macho. Mimi ni optometristi, na mtu akija na rekodi ya hivyo siharakishi kumwandikia miwani nyingine, namuuliza kwanza anafikicha jicho lipi zaidi na anatumia nini, ncha ya kidole au vile vifundo vya ngumi. Nawe jiangalie leo, muulize hata unayekaa naye chumba kimoja, mara nyingi wenzetu wanatuona tukifikicha wakati sisi wenyewe hatuna habari. Wengine wanaotumia mkono wa kulia wanalifikicha zaidi jicho la kulia.

Sababu ya kuuliza hivyo ni hii. Kile kioo cha mbele ya jicho, konea, unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Kimejengwa na nyuzi nyingi za kolajeni zilizopangwa safu juu ya safu, na umbo lake ndilo linalofanya uone vizuri. Silinda kwenye kipimo chako maana yake mikunjo ya jicho hailingani, upande mmoja umekunjika zaidi ya mwingine, na mara nyingi kutolingana huko kuko kwenye hiki kioo. Sasa ukikaza kifundo cha kidole pale, ukizungusha, mara ishirini kwa siku, miezi inaenda, zile nyuzi zinachoka na kwa mtu ambaye konea yake kwa asili ni dhaifu kioo kinaanza kuwa chembamba na kuchomoza mbele kama ncha ya pia. Huo ugonjwa unaitwa keratokonasi, kwa kawaida unaanza ujanani, miaka ya kumi na kitu mpaka ishirini na kitu, na unaweza kutangulia jicho moja. Sisemi unao, namba peke yake hazitoshi na si kila anayefikicha anaupata, kuna watu wanao kwenye familia. Nasema dalili zako zinatosha kupimwa kwa mashine ya topografia ya konea, ile inayochora ramani ya kioo kwa rangi, na hilo lisisubiri mpaka msimu upite. Kuna kingine cha kuangalia mwenyewe: usiku tazama taa moja ya barabarani kwa jicho moja moja, bila kubana kope. Kama jicho la kulia linaona taa ina mkia au vivuli viwili vitatu vya taa hiyohiyo hata ukiwa na miwani mpya, mwambie daktari.

Turudi kwenye kuwasha, maana usipoelewa kwa nini kufikicha kunaleta raha hutaacha. Chini ya ngozi laini ya jicho na ndani ya kope kuna seli za masti, ni kama vifuko vilivyojaa histamini. Chavua au kinyesi cha wadudu wa vumbi kikigusa, vile vifuko vinapasuka, histamini inamwagika, unawashwa, mishipa inavimba, machozi yanatoka. Ukifikicha unapata raha kwa sekunde chache kwa sababu msuguano unafunika ile hisia ya kuwasha, lakini mkono wako unazipasua seli nyingine ambazo hata hazikuguswa na chavua. Ndio maana dakika moja baadaye inawasha zaidi ya mwanzo. Unajiongezea ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe, na kila raundi inaanza juu ya ile iliyopita.

Halafu hiyo mijakaranda tunaisingizia. Maua yake yanachavushwa zaidi na nyuki, chavua yake ni nzito, haipeperuki mbali. Msimu wake unakutana tu na vumbi la mwisho wa kiangazi, halafu mvua za vuli zikinyesha majani yanaota na kutoa maua, na chavua ya nyasi ni nyepesi sana, inakufuata mpaka kitandani. Misaiprasi ya ua nayo inatupa chavua hewani. Ukijua hivyo utaacha kukwepa mti mmoja na utaanza kuosha uso na nywele kabla ya kulala, na kubadilisha foronya, kwa sababu chavua ya mchana kutwa inalala na wewe kwenye mto.

Likikuwasha sasa hivi, fanya hivi badala ya kufikicha. Chukua kitambaa safi, kichovye kwenye maji ya baridi ya friji, kamua, funga macho, kiweke juu ya kope dakika 5 hadi 10 bila kukandamiza. Baridi inabana mishipa na kutuliza mwasho. Kama uko darasani huna kitambaa, weka matone ya machozi bandia, yanasafisha chavua, na ukiyahifadhi friji yanatuliza zaidi. Maji ya bomba usiyamwage kwenye jicho lenye lensi, kuna vijidudu vya akanthamiba ambavyo vikikaa chini ya lensi vinaweza kukuharibia kioo vibaya sana.

Kwa dawa za aleji zenyewe kuna matone ya olopatadini ya asilimia 0.1 au ketotifeni, haya yanazuia histamini na pia yanatuliza zile seli zisipasuke, kwa kawaida tone moja kila jicho asubuhi na jioni. Kuna na kromoglaiketi ya sodiamu, bei yake mara nyingi ni nafuu, lakini hii haitulizi papo hapo, inatakiwa mara nne kwa siku na matokeo mazuri yanaweza kuchukua wiki moja mpaka mbili, watu wanaitumia siku mbili wanasema haifanyi kazi wanaitupa. Ukijua msimu wako uko karibu anza kabla haujaingia. Vidonge kama setirizini vinasaidia mafua na kupiga chafya, ila vinaweza kukausha machozi, na jicho kavu lenye lensi linachubuka na kuwasha zaidi, wengi hawaliunganishi hilo.

Hayo matone ya elfu tatu yananipa wasiwasi. Soma boksi. Kama kuna deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, hiyo ni steroidi. Lazima ikusaidie, inazima mwasho kwa nguvu, ndio maana inauzika. Lakini ukiitumia wiki kwa wiki bila kupimwa inaweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya, huumwi, huoni tofauti, na mshipa wa fahamu wa jicho unakufa taratibu, na mtoto wa jicho anaweza kukujia ukiwa kijana. Usinunue chupa nyingine kwa uamuzi wako. Kama umeitumia zaidi ya wiki mbili mwambie daktari, apime presha ya jicho siku hiyohiyo.

Sasa lensi au miwani. Msimu huu vaa miwani, na nakueleza ili usidhani nakukatisha tamaa. Lensi laini ina maji ndani yake kama sponji, inanyonya chavua, protini za machozi na hata kemikali za kutunza dawa zilizomo kwenye matone. Lensi ya mwezi mmoja ukiivaa kwenye msimu, kufikia wiki ya tatu ina utando ambao dawa ya kuoshea haiutoi wote, kwa hiyo umebandika aleji juu ya jicho saa kumi na mbili kwa siku. Kope la juu linakwaruza juu ya ule utando kila ukipepesa, na ndani yake panaanza kuota vipele. Utajua hali imefika huko ukiona lensi inapanda juu yenyewe, asubuhi una makamasi ya kamba kwenye kona ya jicho, uono una ukungu unaokuja na kuondoka, na kitu kinachowapotosha wengi ni kwamba inakuwasha zaidi baada ya kuvua lensi kuliko ukiwa umeivaa. Na ukifikicha lensi ikiwa ndani unausugua ukingo wake juu ya kioo, unaweza kukikwaruza, na mkwaruzo chini ya lensi ni mlango wa bakteria.

Miwani yenyewe haiponyi, ila inapunguza upepo na vumbi, hasa ukipanda bodaboda, na inakuwekea kizuizi mbele ya kidole, mara kadhaa kwa siku utagonga kioo cha miwani ukumbuke. Chagua fremu kubwa kidogo inayokaa karibu na uso.

Wapo wanaoweza kuendelea na lensi msimu huu, wale aleji ni ndogo na imedhibitiwa kwa dawa. Hao nawaambia za siku moja, unavaa asubuhi unatupa jioni, za siku ya mechi au harusi, muda wa saa sita mpaka nane unatosha. Bei ni juu kweli, lakini za siku moja ukizirudia kesho umepoteza maana yake yote. Dawa ya aleji unaweka kwanza, unasubiri angalau dakika 10 hadi 15 ndio uvae lensi, na dozi ya jioni baada ya kuvua. Jicho likiwa jekundu, usivae.

Kuna saa utatakiwa uvue lensi uende hospitali siku hiyo bila kujadiliana: maumivu ya kweli sio kuwasha, jicho moja tu jekundu, mwanga unachoma, usaha wa njano, au uono umeshuka. Aleji huwasha macho yote mawili, ikiuma ni kitu kingine.

Kwako wewe lensi zinasimama kwa sababu nyingine tena. Lensi inabadilisha umbo la kioo kwa muda, topografia ikifanyika umetoka kuivua jana ramani itadanganya. Kaa bila lensi angalau wiki moja, vituo vingine wanataka mbili. Hospitali ya KCMC pale Moshi hawako mbali na wewe, wana idara kubwa ya macho, piga simu uulize kama topografia wanafanya na siku gani. Beba vipimo vyote vitatu vya miwani pamoja na lile boksi la matone. Kama ni keratokonasi na inaendelea, kuna tiba ya kuweka matone ya vitamini B2 kwenye kioo na kukimulika mwanga wa urujuanimno ili nyuzi zikaze, lengo lake ni kuisimamisha pale ilipofika, hairudishi kilichokwisha kuchomoza, kwa hiyo wiki hii ina thamani kuliko mwakani. Na baadaye ukiambiwa uvae lensi ngumu za kuona usishangae nimekukataza hizi laini, zile zinafunika kioo kilichopinda na kukupa uso laini wa kuonea, ni kazi tofauti kabisa, na hata hizo zinataka aleji iwe imetulia kwanza.