Niliacha dawa za vidonda vya tumbo siku ya sita. Je, nimalizie zilizobaki?

Swali: Shikamoo. Nilipimwa nikaambiwa vidonda vyangu vya tumbo ni vya bakteria, nikapewa omeprazoli, amoksisilini na klarithromisini za siku 14. Siku ya nne maumivu yaliisha kabisa. Mdomo ulikuwa mchungu na nilikuwa naharisha, basi baada ya siku ya sita nikaacha. Sasa ni miezi miwili, maumivu yamerudi. Nimepima damu, wanasema bado ninao. Vidonge vilivyobaki ninavyo. Je, nivimalizie?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Usivimalizie. Ulivyobakiza ni dawa za siku 8, na siku 8 zinazokuja baada ya miezi miwili haziwezi kuungana na zile 6 za mwanzo. Utakuwa umeanza dozi mpya iliyo fupi, tena dhidi ya bakteria ambao huenda ndio hasa walioishinda ile ya kwanza.

Tuanze na siku ya nne, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Maumivu yako yalitulizwa na omeprazoli. Kazi yake ni kupunguza asidi ya tumbo, na asidi ikipungua kidonda hakichomwi tena, hivyo mtu hupata nafuu ndani ya siku chache. Bakteria mwenyewe, ambaye kwenye karatasi ya maabara ameandikwa H. pylori, bado alikuwepo. Nafuu ile ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa dalili kwamba bakteria amekufa. Nina wateja wanaokuja dirishani kila baada ya wiki chache kununua omeprazoli peke yake, miaka nenda rudi. Wakimeza wanapona, wakiacha wanaumwa, na bakteria wao hajawahi kuguswa.

Huyu bakteria ni mgumu kwa sababu ya mahali anapoishi. Anajichimbia ndani ya ute mzito unaofunika ukuta wa tumbo, na anatengeneza amonia inayozimua asidi pale alipo. Dawa inabidi imfikie humo, huku asidi ya tumbo ikiidhoofisha njiani; klarithromisini hasa huharibika haraka kwenye asidi kali. Kisha amoksisilini humuua bakteria akiwa anakua na kugawanyika, na kwenye asidi nyingi wengi wao hukaa tu bila kuzaana. Kwa hiyo omeprazoli ina kazi ya pili ambayo mgonjwa haisikii: inapunguza asidi ili dawa zisiharibike, na ili bakteria waamke, waanze kuzaana, wapigike. Hawaamki wote siku moja. Siku 14 zimewekwa ili hata wale waliochelewa kuamka wakute dawa bado ipo.

Na kwa nini antibiotiki mbili? Chukua mfano wa hesabu. Tuseme katika kila bakteria milioni 1 yupo mmoja aliyezaliwa na hitilafu ndogo inayomkinga na klarithromisini. Tumbo likiwa na bakteria milioni 100, hao ni 100. Ukimeza klarithromisini peke yake, wengine wote watakufa na hao 100 watabaki kujaza nafasi. Ukiongeza amoksisilini, nao wanapigwa na silaha nyingine, na wa kuzishinda dawa zote mbili kwa pamoja ni vigumu mno kumpata. Lakini amoksisilini inahitaji muda. Ukikatiza siku ya sita, wanaobaki ni wale waliovumilia zaidi, na ndio watakaozaa kizazi kijacho. Kinga dhidi ya klarithromisini ikishaingia haitoki. Watoto wote wa bakteria huyo wanairithi. Ndiyo sababu mtu aliyekwisha kuitumia na isimponye hapewi tena klarithromisini.

Sasa hicho kipimo cha damu. Kinatafuta askari ambao mwili wako uliwatengeneza dhidi ya bakteria, na askari hao hubaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka, baada ya adui kufa. Hata aliyepona kabisa anaweza kuambiwa "unao". Inaniumiza kuona watu wakirudishiwa dozi mara mbili au tatu kwa majibu ya namna hiyo. Omba kipimo cha choo kinachotafuta bakteria mwenyewe, au cha kupuliza pumzi kama hospitali ya karibu inacho. Kifanyike angalau wiki 4 baada ya antibiotiki ya mwisho, na wiki 2 bila omeprazoli, kwa sababu omeprazoli huwapunguza bakteria kiasi kwamba kipimo kinaweza kuwakosa. Wewe wiki 4 zimeshapita. Kama umekuwa ukimeza omeprazoli kutuliza maumivu, iache wiki 2 kwanza, na kiungulia kikizidi tumia dawa ya maji ya kupunguza asidi.

Kipimo kikionyesha bado yupo, daktari huwa anabadilisha mchanganyiko. Unaotumika sana hapo ni wa dawa nne: omeprazoli, bismuthi, tetrasaiklini na metronidazoli, kwa siku 14. Si mwepesi. Tetrasaiklini na bismuthi humezwa mara nne kwa siku, bismuthi hugeuza choo kuwa cheusi, tetrasaiklini haimezwi na maziwa, na pombe haiguswi kwa sababu ya metronidazoli. Tena bismuthi haipatikani kila duka, kwa hiyo hakikisha umezipata zote nne ndipo uanze. Kama una mimba au unanyonyesha, mwambie daktari kabla hajaandika.

Yaliyokukatisha tamaa mara ya kwanza yalitarajiwa, na ulipaswa kuambiwa dirishani siku ile ile. Uchungu wa mdomo unatokana na klarithromisini, nao huisha dozi ikiisha. Choo chepesi mara mbili tatu kwa siku ni antibiotiki kuvuruga bakteria wazuri wa utumbo. Unakunywa maji ya kutosha na unaendelea. Ukiharisha damu, ukiharisha maji mfululizo na homa, au ukivimba midomo na kutoka vipele mwili mzima, acha dawa na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na dozi au hakuna dozi, ukitapika damu au ukipata choo cheusi kinachonata kama lami, nenda hospitali usiku huo huo.

Kuna njia moja ninayowashauri wateja wangu. Dozi kama yako ya kwanza kwa kawaida huwa amoksisilini ya miligramu 500 kapsuli 2 asubuhi na 2 jioni, klarithromisini 1 na 1, omeprazoli 1 na 1. Hivyo ni vidonge 8 kwa siku, 112 kwa siku 14. Huwa namwaga vyote juu ya karatasi na kuvigawa mbele ya mgonjwa katika vifuko 14 vyenye tarehe. Omeprazoli nusu saa kabla ya chai na kabla ya chakula cha jioni, antibiotiki ukishakula. Ukisahau, meza unapokumbuka, ila usirundike dozi mbili. Wanaokwenda na vifuko wanarudi na vifuko vitupu, kwa sababu kifuko cha jana kikibaki na kidonge unakiona kwa macho.

Vidonge ulivyonavyo, vichukue na maboksi yake siku utakayomwona daktari, ili asome mwenyewe ulichotumia. Ukitoka hapo virudishe duka la dawa. Usimpe dada wala jirani anayelalamika tumbo.