Siku Kumi na Nne za Rumande

*Swali la wiki: Mfanyakazi akikamatwa na kushtakiwa, je, mwajiri anaweza kumfuta kazi kabla kesi haijaamuliwa?*

Hapa Kenya anaweza, ila si kwa sababu wanayoidhania wengi. Nimekuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye bohari moja la Changamwe kwa miaka tisa, na barua nyingi za aina hii zimepita mikononi mwangu.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44(4)(f), haisemi kwamba kushtakiwa kunatosha. Inasema mwajiri ana sababu ya kumwachisha mtu kazi mara moja ikiwa amekamatwa kwa kosa ambalo polisi wanaweza kumkamata bila hati ya mahakama, adhabu yake ni kifungo, na siku kumi na nne zimepita bila yeye kutoka, iwe kwa dhamana, kwa bondi au kwa njia nyingine halali. Akitoka siku ya kumi, sababu hiyo imekwisha, hata kama kesi yenyewe itachukua miaka mitatu.

Dereva mwenzetu alikamatwa Likoni Ijumaa usiku, tarehe 6, baada ya ugomvi na jirani kuhusu mpaka wa kiwanja. Jumatatu tarehe 9 alisomewa shitaka la kujeruhi. Mahakama ikampa dhamana ya shilingi 50,000 taslimu, na kwao hazikuwepo. Akapelekwa rumande Shimo la Tewa. Mkewe na ndugu zake walichanga hadi tarehe 16, ndipo akatoka. Alipofika kazini kesho yake alikuta barua ya tarehe 12: amefutwa kwa kukosa kazini bila ruhusa.

Tuliketi na meneja, tukahesabu siku pamoja naye. Barua iliandikwa siku ya sita. Tena ilidai utoro, na utoro kisheria ni kukosa kazini bila ruhusa wala sababu halali. Mtu aliyefungiwa na serikali hakutoroka. Mkewe alikuwa amepiga simu ofisini tangu Jumamosi, na karani aliyeipokea alikiri hivyo. La mwisho ndilo lililomshtua meneja. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi tuhuma kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, kisha amsikilize kabla ya kumfuta. Kinataja waziwazi hata kufutwa kwa papo hapo. Kwa hiyo hata siku ya kumi na tano ingefika, bado kampuni ingepaswa kumpa nafasi ya kujieleza, ikibidi kwa barua iliyopelekwa rumande. Wasipofanya hivyo, mahakama ya kazi inaweza kuwaamuru walipe fidia inayofika hadi mshahara wa miezi kumi na miwili. Barua ilifutwa, na zile siku alizokosa tukakubaliana zitolewe kwenye likizo yake ya mwaka.

Ingekuwa tofauti kama angetuhumiwa kuiba magunia ya mchele ya kampuni. Hapo sheria inamruhusu mwajiri kuchukua hatua kwa shuku yenye misingi ya kutosha, bila kungoja hakimu, kwa kuwa hakimu anataka ushahidi usioacha shaka ya maana na mwajiri hatakiwi kufika huko. Ndiyo maana mtu anaweza kuachiliwa mahakamani na bado kufutwa kwake kukasimama. Lakini misingi hiyo lazima iwe yake mwenyewe: kadi za stoo zisizolingana na mzigo, mlinzi aliyeona lori likipakiwa saa nane za usiku. Nimemwona mwajiri akija kwenye kikao na karatasi ya mashtaka peke yake, eti ndiyo ushahidi. Karatasi hiyo mara nyingi imetokana na malalamiko yake mwenyewe polisi.

Kinachoniuma ni zile siku kumi na nne. Hazipimi hatia ya mtu, zinapima mfuko wake. Wawili wakishtakiwa kwa ugomvi uleule, mwenye 50,000 benki yuko kazini Jumanne, na mwenye kutegemea mchango wa jamaa anaweza kupoteza kazi aliyoifanya miaka kumi. Mimi ningetaka siku hizo zisihesabiwe kabisa pale mahakama imeshakubali mtu atoke kwa dhamana na kilichobaki ni pesa tu.

Kwa sasa nawaambia wenzangu hivi: mtu akikamatwa, ndugu yake asiishie kwenye simu. Apeleke barua ofisini kesho yake, ataje kituo alikoshikiliwa na tarehe ya kufika mahakamani, na asiondoke kabla nakala yake haijapigwa muhuri. Yule karani wetu alisema kweli. Mwingine huenda asingesema.