Kabla ya Kukubali Mtoto Arudie Darasa

Novemba binti yangu alipokuwa akimaliza Darasa la Tatu, mwalimu wake aliniita akashauri arudie mwaka, kwa kuwa Darasa la Nne lina Upimaji wa Kitaifa na asiyefaulu hukariri darasa hilo. Hoja ilikuwa nzito, nami nilikaribia kukubali. Niliuliza swali moja tu: akirudia, atafundishwa nini ambacho hakufundishwa mwaka huu? Jibu lilikuwa kwamba atapitia mada zilezile.

Jioni ile nilimpima kwa utaratibu unaofanana na ule wa tathmini za Uwezo, mpango unaopima kusoma na kuhesabu kwa watoto wa Afrika Mashariki, yaani silabi kwanza, kisha maneno, aya, na mwisho hadithi fupi ya kiwango cha Darasa la Pili. Silabi za "ba, be, bi" alizisoma bila shida, lakini alipofika kwenye "nywele" na "ng'ombe" alikisia kwa kutazama herufi ya kwanza, na aya hakuimaliza. Kumbe alikwama kwenye silabi changamano, ambazo hufundishwa katika madarasa ya mwanzo. Kurudia Darasa la Tatu kusingemrudisha pale alipokwama.

Matokeo ya utafiti yanaelekea upande huohuo, ingawa si kwa usawa. Nchini Uruguay, wanafunzi wa sekondari waliorudishwa darasa kwa kukosa vigezo vya kupanda kwa tofauti ndogo tu waliacha shule zaidi kuliko wenzao waliopita kwa shida. Katika jimbo la Florida, Marekani, watoto wa darasa la tatu waliorudishwa walipata alama bora kwa miaka michache, lakini huko kurudia kuliambatana na vipindi vya ziada vya kusoma, na faida ikafifia wanafunzi walipolinganishwa na wenzao wa umri uleule. Kwa maoni yangu, kurudia pasipo msaada huo ni kuongeza mwaka na karo tu. Ningefikiri tofauti kwa mtoto aliyekosa masomo miezi mingi kwa ugonjwa, au aliyeanza shule akiwa mdogo mno.

Nilipomwuliza mwenyewe, hakutaja masomo wala marafiki. Alisema, "Mama, mdogo wangu atanikuta?" Mdogo wake alikuwa Darasa la Pili, hivyo Januari wangeketi darasa moja, na mdogo anasoma haraka kuliko yeye. Jambo hilo halikutajwa kikaoni, wala mimi sikuwa nimelifikiria.

Tulikubaliana na mwalimu apande, kwa sharti kwamba nimsomeshe nusu saa kila jioni, silabi moja ngumu kwa wiki, kisha maneno yenye silabi hiyo, kisha sentensi, na kila mwisho wa mwezi nimpime kwa aya asiyoijua. Kama kufikia Juni asingeweza kusoma aya, tungezungumza upya. Mwezi Mei aliisoma, polepole, kidole kikifuata mstari. Hesabu za kugawanya bado zinamsumbua, nazo tumeanza kuzitafutia pale zilipokatikia.