Zima picha kwanza, ndipo utume

Wadogo zangu, wiki hii nimeletewa templeti tatu za jarida la barua pepe nizikague. Zote zinapendeza, na zote zina ugonjwa uleule: picha moja kubwa kama bango la ukutani, maneno yote yamo ndani ya picha, na kitufe nacho kimo humohumo. Nimeshalisema hili mara nyingi. Leo naliandika, maana sitaki yawapate yaliyonipata mimi.

1. Zima picha, halafu usome barua kama mpokeaji. Kwenye Gmail ingia mipangilio, chagua `Ask before displaying external images`. Outlook ya Windows iliyozoeleka maofisini yenyewe huzuia picha za kutoka nje mpaka msomaji aziruhusu, na wasomaji wetu wengi wako maofisini.

Mwaka wangu wa kwanza hapa Dodoma nilipewa kazi ya kualika watu kwenye mafunzo ya kupogoa mizabibu. Orodha ilikuwa ya makatibu wa vyama vya ushirika na maafisa ugani wa Hombolo, Mpunguzi na kwingineko. Nikatengeneza bango zuri, rangi ya zabibu mbivu, kitufe cha “Jisajili” katikati. Nikatuma Jumanne asubuhi. Hadi jioni hakuna aliyejisajili, na ripoti ilionyesha karibu hakuna aliyefungua. Nikaamini kosa ni kichwa cha barua. Nikakibadili, nikatuma tena Jumatano.

Alhamisi nikampigia katibu mmoja, mzee wa makamo. Akaniambia, “Binti yangu, barua yako imekuja tupu, lakini nimeshajisajili.” Nikashangaa, nikaenda ofisini kwake. Kwenye kioo kulikuwa na boksi jeupe lenye alama ndogo pembeni na maandishi `bango_mwisho2.jpg`. Chini kabisa, maneno pekee ya bluu yanayobonyezeka: “Jiondoe”. Mzee alikuwa amebonyeza hilo, kwa kuwa ndilo lililokuwepo.

Nikarudi kuangalia orodha ya waliojiondoa. Walikuwa wengi, na wengi wao waliondoka baada ya barua yangu ya pili. Ripoti nayo haikuwa imekosea: ufunguzi huhesabiwa kwa picha ndogo ya pikseli moja, na picha zikizuiwa, msomaji aliyefungua hahesabiki. Wao walifungua, mimi nikaona karibu sifuri. Aliyejiondoa humrudishi mwenyewe kwenye orodha, lazima akubali. Nilipiga simu moja baada ya nyingine siku mbili nzima, nikiwaomba radhi watu wazima waliokuwa wameniamini.

2. Kwa hiyo tarehe, mahali na ada viandikwe kama maandishi halisi, si ndani ya picha. Kila picha yenye maana iwe na `alt` inayosema kilichomo, kwa mfano “Mafunzo ya kupogoa mizabibu, Hombolo”; picha ya pambo iachiwe `alt=""`. Na kitufe kijengwe kwa rangi na maneno:

```html
<td bgcolor="#7a1f3d">
  <a href="https://example.com/jisajili"
     style="display:inline-block;padding:14px 28px;color:#ffffff">
    Jisajili</a>
</td>
```

Outlook hiyo ya Windows haiheshimu `padding` ya `a`, kwa hiyo kitufe kitabanana kidogo. Hilo nalivumilia, kwani rangi ipo, neno lipo, na linabonyezeka.

3. Shika simu, pitisha kidole haraka, soma vichwa, maneno mazito na kitufe tu. Ukiinua macho bila kujua ni nini, lini, na unatakiwa ufanye nini, panga upya. Templeti moja kati ya hizi tatu ina vitufe vinne vya ukubwa mmoja: Jisajili, Soma zaidi, Pakua kalenda, Tufuate. Nilimuuliza aliyeitengeneza, “Ijumaa utahesabu nini?” Akajibu bila kusita: waliojisajili. Basi kitufe ni hicho kimoja. Kikirudiwa chini, kiende ukurasa uleule. Kalenda iwe kiungo cha maandishi ya kawaida, na “Tufuate” ishuke mwisho kabisa. Alisita kidogo kuifuta “Soma zaidi”, nikamwachia aamue, naye akaifuta.

4. Gmail hukata barua ambayo msimbo wake unazidi takriban KB 102, na cha chini hufichwa. Angalieni uzito huo kabla ya kutuma.

Kesho asubuhi nileteeni zote tatu zikiwa zimezimwa picha. Nitaanzia chini, nione “Jiondoe” imekaa wapi na kuna nini cha kubonyeza juu yake.