Uliza aliyepiga, uliza aliyepigwa

"Nikiichukua picha ya mtu nikaigeuza kuwa mchoro kwenye kompyuta, hadi rangi na mistari yote ikawa yangu, bado kuna wa kumwomba ruhusa?"

Wapo wawili, na mimi niliwajua wote kwa wiki moja. Nachapa picha kwenye vikombe na fulana hapa Dar es Salaam. Mteja mmoja aliniletea picha ya harusi ya dada yake nimchoree kikombe. Nilipomaliza nikaupenda mchoro wenyewe, nikauchapa mkubwa na kuubandika mlangoni. Bibi harusi akaja: "Kaka, uso wangu umekuwa tangazo lako tangu lini?" Siku ya tatu akaja mpiga picha. Yeye hakujali uso wa nani; alidai picha ni kazi yake.

Nikamwambia nimebadilisha kila kitu. Akaniomba niuweke mchoro juu ya picha yake kwenye kompyuta, niufifishe hadi nusu. Shela ilianguka mahali pale pale, kivuli cha pua kilielekea upande ule ule, hata unywele uliotoroka sikioni ulikuwepo. Rangi ndiyo ilikuwa yangu. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataa kazi yake igeuzwe kuwa kitu kingine, na huko ndiko nilikokuwa nimekanyaga.

Wakubwa pia wamekwama hapo. Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince mwaka 1981. Mwaka 1984 jarida la Vanity Fair lilimlipa dola 400 ili picha itumike mara moja tu kama kielelezo cha mchoraji. Mchoraji alikuwa Andy Warhol, naye akatengeneza kazi 16. Prince alipofariki mwaka 2016, kampuni ya jarida hilo iliilipa taasisi ya Warhol takriban dola 10,000 kwa mchoro mwingine wa rangi ya machungwa; Goldsmith hakuambulia senti. Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa haki mpiga picha, majaji saba kwa wawili. Hoja ilikuwa matumizi: mchoro ule uliuzwa jaridani kumwonyesha Prince, kazi ile ile ambayo picha yake ingeuzwa kufanya. Kama michoro hiyo ni halali kutundikwa ukumbini, mahakama haikuamua.

Mtindo ni jambo jingine. Ukichora twiga wako kwa namna ya Tingatinga, humwibii mtu. Ukinakili twiga wa mchoraji fulani wa Oyster Bay, umenakili.

Mpiga picha wangu tulipatana, akanitumia ujumbe: "Kikombe kimoja, si tangazo." Bibi harusi alikataa katakata, basi mlango ukabaki mtupu. Sasa daftari la oda lina safu mbili mpya, aliyepiga na aliyepigwa, na mteja akikwama kwenye mojawapo namwambia alete picha aliyopiga mwenyewe.