Diski ya gemu na GB zake

"Nimenunua diski ya PS4 hapa Kirumba, mbona inajisakinisha halafu inadai kupakua GB 30 tena?"

Kaka, diski haijaharibika. Kisomadiski cha PS4 hutoa hadi takribani MB 27 kwa sekunde, kasi ndogo mno kwa gemu ya sasa, kwa hiyo mashine hunakili kwanza kila kitu kwenye diski kuu yake. GB 45 huchukua karibu nusu saa au zaidi. Hizo GB 30 ni marekebisho yaliyotengenezwa baada ya diski kuchapwa. Aliyetangulia kusema uzime intaneti ucheze bila kupakua amesema kweli nusu: utacheza toleo la 1.00, lenye kasoro zake, na baadhi ya diski hazina gemu kamili, hivyo hazitafunguka kabisa. Nami kwangu Nyegezi nilimaliza bando la GB 10 sasisho likiwa theluthi tu.

Kabla ya kulipa, soma nyuma ya kasha nafasi inayohitajika, kisha utafute ukubwa kwenye ukurasa wa duka. Xbox huuandika "Approximate size". Acha pia nafasi ya ziada, kwani PS4 hunakili gemu upya inapoweka sasisho na huweza kudai karibu mara mbili ya ukubwa wake.